Apu ilimuuliza mapato yako kiasi gani, karafuu ni za nani haikuuliza

Kisa hiki ni cha mwalimu mmoja wa skuli ya msingi huku Pemba. Nimekubaliana nae nikiandike, mambo ya kumtambulisha nimeyatoa, ila hesabu nimeziacha kama zilivyo maana bila hesabu kisa chenyewe hakina faida kwa mtu. Mie ni mhasibu, watu wananijia na madaftari yao, na siku hizi wananijia na simu zao vilevile, kwamba apu imeniambia hivi, we unasemaje.

Huyu bwana ana miaka 41, ana mke na watoto, anaishi na mama yake mzee. Mshahara unaomfika mkononi ni kama laki saba kwa mwezi. Baba yake alifariki akaacha shamba la mikarafuu, na yeye ndie aliebaki nalo maana ndie aliepo, kaka yake yuko Muscat, dada mmoja yuko Unguja na mwengine kaolewa Wete. Msimu wa 2024 mikarafuu yao ilizaa vizuri sana, alipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kama kilo 1,500 za karafuu kavu, tuseme 14,000 kwa kilo, hiyo ni milioni 21. Ukitoa wachumaji, majamvi, gari na watu wa kulinda usiku ikabaki milioni 14 safi. Pesa nyingi hizo kwa mpigo mmoja kwa mtu wa laki saba kwa mwezi.

Sasa mpwa wake alieko nje akamwambia ami usiziache zikakaa tu, akamfungulia apu ya ushauri wa uwekezaji, zile ambazo hakuna mtu, unajaza fomu mashine inakupangia. Nataka niseme wazi hapa kwamba ile apu haikuwa ya kitapeli. Sio zile za Telegram za kukuahidi pesa kuzaa mara mbili kwa mwezi. Ni apu ya kweli, inanunua mifuko ya hisa za dunia nzima na hatifungani, yaani kuzikopesha serikali na kampuni kwa riba, inatoza kama robo asilimia kwa mwaka, kwa pesa aliyoweka haifiki hata elfu thelathini za kwetu kwa mwaka mzima. Binadamu wa kazi hiyo huko nje kawaida anachukua kama asilimia moja, na kwa mtu mwenye pesa ndogo hata simu yake hapokei. Kwahiyo watu wanaokimbilia apu siwalaumu.

Zinavyofanya kazi ni hivi, na ni muhimu uelewe maana shida yote imo humu. Unajibu maswali machache, umri, mapato ya mwaka, matumizi ya mwezi, akiba, pesa unaihitaji baada ya miaka mingapi, halafu linakuja lile swali maarufu, uwekezaji wako ukishuka asilimia 20 utafanya nini, utauza vyote, utauza kidogo, utatulia, au utaongeza. Majibu yanapewa alama, alama zinajumlishwa, na kila alama ina kapu lake lililokwisha kupangwa zamani. Msingi wa hesabu za yale makapu ni kazi ya Harry Markowitz ya mwaka 1952 ya kuchanganya mali zisizopanda na kushuka pamoja, ni hesabu nzuri na mie naiheshimu. Lakini ile hesabu inaanzia baada ya fomu kujazwa. Ukijaza chumvi itakupikia chumvi, tena kwa vipimo sahihi kabisa.

Nilimwambia anioneshe alichojaza. Tukakaa barazani akawa anapandisha skrini kwa kidole, mie naandika pembeni. Mapato ya mwaka kajaza milioni 22 na laki nne, yaani mshahara milioni 8.4 kajumlisha na karafuu milioni 14. Matumizi laki nane kwa mwezi. Muda miaka kumi na zaidi. Swali la asilimia 20 kajibu "nitatulia", na nnavyomjua kasema kweli, ni mtu mtulivu. Apu ikapiga hesabu kwamba huyu kila mwaka anabakiwa na karibu milioni 12.8, kijana kidogo, roho ngumu, hatumii pesa mpaka miaka kumi, kwahiyo ikampa kapu la robo tatu hisa na robo hatifungani, ikamwambia weka pembeni matumizi ya miezi mitatu, nyengine ingiza. Akabakisha milioni 3, akaingiza milioni 11. Dola wakati ule ilikuwa kwenye 2,700 hivi, akapata kama dola 4,074.

Kwa fomu ile, ushauri ule ulikuwa sawa. Ningepewa mie karatasi ile bila ya kumuona mtu, labda ningeshauri kitu cha karibu na hicho.

Alipokuja kwangu ilikuwa Disemba, dada wa Unguja kampigia simu kwamba anaezeka nyumba na anataka fungu lake la karafuu. Yeye akafungua apu atoe kidogo, apu ikamtolea ujumbe wa kumsihi asitoe, kwamba wanaovumilia muda mrefu ndio wanaofaidi. Na skrini ni ya kijani, dola zake zimekuwa 4,150. Swali lake kwangu lilikuwa, nitoe au nivumilie?

Nikamuuliza, "Kwani ile mikarafuu ni ya nani?"

Akasema ya marehemu baba.

"Imegawiwa?"

Kanyamaza kidogo, akasema, "Bado, ila mie ndie nnaeihudumia, na wenyewe hawajawahi kuniuliza."

Hapo ndipo kisa kinapoanza kweli. Huku kwetu hii hali imejaa, mirathi haijagawiwa miaka na miaka, mmoja anashika shamba, msimu ukiwa mzuri anawapa wenzake chochote, wengine wanasema wee kaa nazo tu, na kila mtu anaona mambo yapo sawa mpaka siku mmoja apate shida. Kwenye apu hakuna kisanduku cha hali hii. Kuna "zangu" na "sizo zangu", basi. Hakuna "zimo mkononi mwangu, natumia, lakini akizitaka mwenyewe siwezi kumkatalia".

Tukapiga hesabu ya sharia, kwa kukisia tu maana mgao wenyewe ni kazi ya wanaohusika. Mama ni mjane, ana thumni, yaani moja ya nane ya milioni 14 ni milioni 1.75. Zinazobaki milioni 12.25 zinagawiwa mafungu sita, watoto wa kiume wawili kila mmoja mafungu mawili, wa kike wawili kila mmoja fungu moja. Kila dada anapata kama milioni 2.04, kila kaka kama milioni 4.08. Mama anaishi nae, tukamuuliza mama mwenyewe akasema lake liingie kwenye chakula cha nyumba. Kwahiyo za nyumba yake yeye ni milioni 5.83, na za nduguze watatu ni milioni 8.17. Zaidi ya nusu ya zile 14 hazikuwa zake tangu siku ya kwanza.

La pili ni karafuu zenyewe. Kila Mpemba anajua mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, ukibeba sana mwaka huu miaka inayofuata unapumzika. Nikamwambia anipe misimu minne iliyopita kwa kukumbuka, tukapata mzunguko kama huu, milioni 14, halafu 2, halafu 1, halafu 5. Jumla 22 kwa miaka minne. Ukitoa fungu la nyumba yake na mama, inakuja wastani wa milioni 2.3 kwa mwaka. Ongeza mshahara, toa matumizi ya milioni 9.6, kinachobaki kwa mwaka ni kama milioni moja na kitu kidogo. Apu iliona milioni 12.8!

Na hapa kuna jambo ambalo naliona ndio kubwa kuliko yote, na hata watu wa mjini wenye biashara za utalii linawahusu, msimu wa wageni na msimu wa masika sio sawa. Angalia mshahara wake, laki saba. Matumizi laki nane. Kila mwezi unaokwenda kwa Mungu laki moja inatoka kwenye karafuu. Mwaka mzima milioni 1.2. Sasa mwaka wa karafuu mbaya fungu lake ni laki nane na kitu, mwaka mbaya zaidi ni laki nne na kitu, pengo halizibiki, kwahiyo linazibwa na zile za msimu mkubwa. Yaani pesa ile aliyoiita akiba ilikuwa ni nyongeza ya mshahara ya miaka mitatu iliyolipwa siku moja. Apu ikiuliza "mapato ya mwaka" inadhani kesho itakuwa kama leo, maana walioitengeneza wanaishi kwa mishahara ya kila mwezi na wateja wao wengi ni hivohivo. Mtu wa karafuu, mtu wa mwani, mvuvi wa dagaa, ukimuuliza mapato ya mwaka lazima umuulize na mwaka gani.

Halafu ona lile swali la asilimia 20. Linapima roho yako. Roho yake ilikuwa imara kweli. Lakini kuvumilia hasara kwa roho na kuweza kuvumilia kwa mfuko ni mambo mawili, na kinachopima mfuko ni nani anaweza kukudai kesho. Yeye roho inasema subiri miaka kumi, dada anasema mabati yapo dukani. Ujumbe wa apu wa "vumilia" ulikuwa ni ushauri mzuri kwa pesa yake yeye na ushauri mbaya kwa pesa ya dada, na mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya akaunti moja mna pesa za watu watano.

Tuje kwenye ile skrini ya kijani. Dola 4,074 zimekuwa 4,150, faida. Lakini mwishoni mwa 2024 shilingi yetu iliinuka ghafla, kutoka kwenye 2,700 na kitu ikaja karibu na 2,400 ndani ya muda mfupi. Piga 4,150 mara 2,400, unapata milioni 9.96. Aliingiza 11. Kapoteza milioni moja na zaidi, na bado sijatoa makato ya kutuma na kubadilisha, wakati simu inamuonesha faida. Yeye anakula kwa shilingi, anasomesha kwa shilingi, dada anataka mabati ya shilingi. Apu ilihesabu riski ya hisa ikasahau riski ya sarafu, maana kwa mteja anaeishi kwa dola riski hiyo haipo. Kuna watu wataniambia miaka yote shilingi inashuka, dola ndio kinga. Kwa miaka kumi huenda wana hoja. Kwa miezi mitatu hakuna kinga hapo.

Na lile la riba. Robo ya kapu ilikuwa hatifungani za kawaida, za riba. Hakuulizwa, na yeye hakujua kama zimo, aliona jina la mfuko kwa Kiingereza akapita. Alipojua uso ulibadilika. Apu za halali zipo, wala sio kitu kigumu kwa mashine kuuliza, ila hii ya kwake haikuuliza, na mtu usipoulizwa mara nyingi huoni kama kuna la kusema.

Basi tukarudi kwenye swali lake, nitoe au nivumilie. Nikamwambia kabla ya kugusa kitu piga simu, kwa dada wa Wete na kwa kaka wa Muscat, waulize tu wana mpango gani na mafungu yao. Hakutaka kusema kweli, aliona ni kama kuamsha waliolala. Alipopiga, dada wa Wete akasema mtoto wake anaingia chuo, alikuwa anaona haya kuuliza. Kaka akasema hana shida ya pesa sasa hivi lakini shamba lenyewe anafikiria kurudi. Hizi taarifa hazikuwepo kwenye fomu, na hata kwenye kichwa cha huyu bwana hazikuwepo. Zimepatikana kwa kupiga simu. Ndio maana nikisikia mtu anasema apu zikiongezewa maswali zitajua kila kitu nakataa, maana swali unalijibu kwa unachokijua, na mengi ya maisha yako yamo kwa watu wengine ambao bado hawajakwambia.

Sasa hesabu ya mwisho. Akatoa zote, milioni 9.96, akaongeza na ile 3 aliyokuwa hajaigusa, 12.96. Toa 8.17 za nduguze. Hapa aliniuliza hasara igawiwe kwa wote ama vipi. Mie sio mwanachuoni nikamwambia akaulize, akaenda kwa sheikh wake, akarudi na jibu kwamba alizitumia amana bila idhini ya wenyewe kwahiyo hasara ni yake. Akaibeba. Zikabaki milioni 4.79. Toa pengo la laki moja kwa mwezi la mwaka huu na miaka miwili dhaifu inayofuata, baada ya kuhesabu karafuu ndogo zitakazopatikana, ni milioni 2.35. Toa akiba ya dharura ya miezi mitatu, milioni 2.4, na hii kwa nyumba yenye mzee anaepelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja kila baada ya muda, boti na pa kulala na dawa, sio nyingi hata kidogo. Kinachobaki cha kuwekeza kwa miaka kumi ni elfu arubaini hivi.

Apu ilisema milioni 11.

Sitaki mtu aelewe kwamba nasema binadamu ni bora. Huyuhuyu bwana miaka ya nyuma aliwahi kukaa na binadamu, wakala aliemuuzia mpango wa bima wa kulipa kila mwezi, akaulipa kidogo ukamshinda mwaka wa karafuu mbaya, zilizokwishaingia nyingi zikapotea. Yule wakala alikaa nae uso kwa uso, alikunywa chai kwake, alimuona mama yake, na hakuuliza karafuu vilevile, maana alikuwa analipwa kwa kuuza mpango. Apu angalau haina kamisheni ya namna hiyo. Kwahiyo ukiwa na mshauri binadamu swali la kwanza muulize nani anakulipa, na la pili uone yeye anakuuliza nini. Akikuuliza pesa unazo kiasi gani kabla ya kukuuliza nani anakutegemea na nani anakudai, huyo ni fomu yenye miguu.

Na kazi nyengine apu inaifanya vizuri kunishinda mie. Pesa ikishakuwa yako kweli, umeshatoa mafungu ya watu, umeshaziba miezi ya pengo, umeshajua itakaa miaka bila kuguswa, basi kuigawa kwenye kampuni nyingi za dunia, kurudisha kapu kwenye vipimo vyake likipinda, kutokupata kiwewe soko likianguka, hayo mashine inafanya kwa bei ndogo na haichoki. Mie naweza kuchoka, naweza kusahau, naweza kuvutiwa na hisa ya kampuni nnayoipenda.

Kwa wenye apu hizi na hawana mtu wa kuwauliza, ujazaji wenyewe unaweza kuubadilisha. Kwenye mapato usijaze mwaka mzuri, chukua misimu minne ugawe kwa nne, na hesabu fungu lako tu. Pesa za watu zisiingie kabisa kwenye akaunti ile, hata kwa siku mbili, kaziweke benki kwenye akaunti ya peke yake ya shilingi, PBZ na wengine wana huduma za Kiislamu. Kwenye muda jaza tarehe ya mtu wa kwanza anaeweza kukuomba, usijaze tarehe unayoitamani. Na ile faida ya kwenye skrini ibadilishe kwa shilingi ya siku ile kabla hujaifurahia. Tulijaribu kuijaza upya fomu ileile kwa namna hii, ikamshusha mpaka kwenye kapu la tahadhari kabisa na kumwambia aanze na akiba ya dharura. Apu ileile, mtu yuleyule.

Dada wa Unguja kashapata lake, wa Wete pia, na la kaka liko benki peke yake. Kilichobaki kigumu ni shamba. Wamekubaliana kwa maandishi kwamba anaeshughulika na palizi na uchumaji apate ujira wake kwanza kabla ya mgao, jambo ambalo miaka yote lilikuwa halisemwi, ila kiasi gani bado wanavutana, na suala la kwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kugawa mikarafuu yenyewe kaka wa Muscat anataka wamsubiri aje.